Mteja kateleza kwenye sinki la kunawia, kampuni ya bima yajibu kwa mafumbo: tatizo hasa ni lipi?

#1 Bi_Mbaazi
Salamu wakuu. Nna mkahawa mdogo Majengo hapa Mombasa, meza nane, asubuhi mahamri na mbaazi, mchana wali na pilau. Pembeni pana sinki la kunawia mikono kama kila mkahawa. Tarehe 12 Februari, saa saba mchana, mama mmoja alinawa, akageuka, akateleza, akaangukia mkono. Kifundo cha mkono kikavunjika. Tulimpeleka hospitali, nikalipa 18,500 kwa M-Pesa, na jioni nikamtumia ujumbe: "Pole sana mamangu, makosa ni yetu, gharama zote ziko juu yetu." Baada ya hapo kimya.

Tarehe 16 Juni nimeletewa barua ya wakili. Yataka fidia ndani ya siku 14, ama tukutane kortini.

Bima ya dhima kwa umma ninayo, kikomo ni milioni moja kwa tukio, na risiti ya malipo ipo. Nimepeleka barua kwa kampuni, nimejibiwa mistari mitatu: wamepokea, wanachunguza, na "wanahifadhi haki zao zote". Hawasemi watalipa, hawasemi hawalipi. Ejenti aniambia kilichoniponza ni ule ujumbe. Binamu yangu asema ni kuchelewa. Wajuzi, ni lipi?

#2 Kijana_Kibokoni
Bi Mbaazi, pole. Lakini kwani huna WIBA? Kila mwenye mkahawa lazima awe na WIBA, ndiyo inayolipa watu wakiumia kazini kwako. Tumia hiyo, wachana na hao wa mafumbo.

#3 Broka_Mstaafu
@Kijana_Kibokoni nusu umepata. WIBA kweli ni lazima, ni sheria ya mwaka 2007, lakini ni ya mfanyakazi aliyeumia kazini. Mpishi akimwagikiwa na mafuta ya viazi karai, hapo WIBA. Mteja si mfanyakazi. Na kinyume chake pia: hati ya dhima kwa umma huwatoa wafanyakazi wako nje kabisa. Hizo ni hati mbili, wala moja haimbebei mwenzake.

Bi Mbaazi, "tunahifadhi haki zetu" si kukataa. Maana yake wameona kitu, au wanashuku kitu, na hawataki kesho useme kwamba kwa kuanza kuishughulikia klemu yako walikuwa wamekwisha kubali. Sasa tujue wameona nini. Kwenye hati yako, sehemu ya masharti, pana kifungu kuhusu kukubali lawama na kingine kuhusu kutoa taarifa. Viandike hapa neno kwa neno.

#4 Kadhongo
Mimi nashangaa mnahangaika na bima. Si ungebandika bango tu ukutani: "Sakafu ina maji, jihadhari, mwenye mkahawa hahusiki." Mteja akisoma amekubali. Akianguka, shauri yake. Hoteli kubwa zote Nyali zina lile bango la njano.

#5 Wakili_wa_Kona
@Kadhongo bango la njano ni zuri, ila halifanyi unalodhani. Sheria yetu ya dhima ya wakaaji wa majengo, Sura ya 34, yamtaka anayeshika mahali achukue tahadhari ya kiasi ili mgeni awe salama kwa lile alilojia pale. Onyo peke yake halimwokoi, mpaka liwe lilimtosha mgeni kujiepusha. Jiulize: mtu amekula pilau kwa mkono, lazima anawe, sinki ni moja, na maji yako mbele ya sinki hilohilo. Bango linamwambia nini? Aruke?

Bango husaidia pale ambapo kuna njia nyingine. Umwagikaji wa dakika tano zilizopita, bango limewekwa katikati ya maji, mteja ana upande mkavu wa kupita, akaamua kukanyaga palepale. Hapo korti yaweza kumbebesha sehemu ya lawama. Bango lililobandikwa ukutani mwaka mzima, mvua na jua, ni pambo, na wakili wa upande wa pili ataligeuza dhidi yako: "Kumbe mlijua sakafu yenu huwa na maji kila siku."

#6 Kadhongo
Haya, nimepigwa. Lakini huyo mama naye angetazama anapokanyaga.

#7 Wakili_wa_Kona
Hilo halijapotea. Lawama hugawanywa kwa asilimia. Korti yaweza kusema mkahawa 80, mama 20, kama alikuwa na viatu virefu au alikuwa akizungumza na simu. Ila ushahidi wa hayo hukusanywa siku ileile. Miezi minne baadaye nani akumbuka viatu?

#8 Bi_Mbaazi
Nimeitoa hati. Kifungu cha kwanza, kwa ufupi: mwenye bima asikubali lawama, asiahidi wala asilipe chochote bila idhini ya kampuni kwa maandishi. Cha pili: atoe taarifa kwa maandishi, mara tu baada ya tukio lolote linaloweza kuleta madai, na barua au samansi yoyote aipeleke bila kukawia.

Mimi nilipeleka ile barua ya wakili siku ya pili yake. Sikukawia!

#9 Broka_Mstaafu
Dada, soma tena hapo: "tukio lolote linaloweza kuleta madai". Saa yako haikuanza kulia barua ilipofika tarehe 16 Juni. Ilianza tarehe 12 Februari mama alipoanguka. Watu wengi hunasa hapa, kwa sababu mtu huona kwamba madamu hakuna aliyedai, hakuna la kuripoti. Kampuni nayo yataka ijue wakati sakafu bado ina maji, shahidi bado afanya kazi pale, na kamera bado ina picha. Mashine ya kamera ya duka dogo hujifuta yenyewe ikijaa, mara nyingi ndani ya wiki mbili hadi nne. Kufikia Juni imeandika juu ya ile Februari mara nyingi.

Kuhusu ujumbe wako, mimi naona ndiyo shida kubwa. Una mambo matatu yaliyokatazwa, yote kwa pumzi moja: "makosa ni yetu" ni kukubali, "gharama zote ziko juu yetu" ni ahadi, na 18,500 ni malipo.

#10 Wakili_wa_Kona
Hapa nampinga mzee kidogo. Tusichanganye korti na hati ya bima. Kortini, "makosa ni yetu" si mwisho wa kesi. Mtu aliyemwona mteja wake amevunjika mkono husema mengi kwa huruma. Hakimu bado atauliza maji yalitoka wapi, yalikaa muda gani, na mkahawa ulikuwa na utaratibu gani wa kukausha. Ujumbe ni ushahidi, lakini hauhukumu.

Kwenye hati ya bima ndiko unakouma, kwa sababu ule ni mkataba. Hata huko, kampuni itapata taabu kuonyesha huo ujumbe umeiharibia nini, ikiwa maji yalikuwa pale na kila mtu aliyaona.

#11 Broka_Mstaafu
Wakili, inategemea kifungu kimeandikwaje. Kama hati yasema kufuata masharti ni sharti la kutangulia kabla ya kampuni kulipa chochote, hawalazimiki kuthibitisha wameumia. Wanakuonyesha mstari tu.

#12 Wakili_wa_Kona
Na kama haisemi hivyo, tunarudi kwangu. Bi Mbaazi atupe mstari.

#13 Mama_Piko_Bamburi
Asalamu aleikum. Mimi nna saluni, nimefuata huu uzi kwa kuwa nami nna hiyo dhima kwa umma. Bibi harusi kapakwa piko mikononi, siku ya pili kavimba malengelenge, sasa ndugu zake wasema watanishtaki. Nilikuwa nataka kujua, je niwaripoti bima leo, ama ningoje? Na mimi pia nilimwambia pole.

#14 Broka_Mstaafu
Waaleikum salaam. Mama, ripoti leo, usingoje hata kesho. Ila jiandae: lako si kama la Bi Mbaazi. Yeye mteja ameangushwa na mahali. Wako ameumizwa na huduma yenyewe. Hati ya kawaida ya dhima kwa umma humlinda mteja wa saluni akiteleza kwenye mafuta ya nazi yaliyomwagika, au akiangukiwa na kioo. Dawa ya kulainisha nywele ikimchoma kichwa, rangi ikimvimbisha, nta ikimbabua, hayo mara nyingi yametolewa nje kwa mstari mmoja unaotaja matibabu au huduma inayotolewa kwa mwili. Lazima uwe umeongezewa kava ya huduma za urembo, na hulipiwa zaidi. Tazama ukurasa wa mwisho, kama pana karatasi ndogo ya nyongeza.

#15 Hina_na_Sayansi
Na hata ukiwa na nyongeza, piko ina matata yake. Hina ya majani haina weusi ule. Weusi wa haraka hutoka kwenye rangi ya nywele, kitu kiitwacho PPD kwenye boksi. Boksi lenyewe husema ni ya nywele, isipakwe ngozini, na mtu ajaribiwe saa 48 kabla. Mpelelezi wa bima jambo la kwanza ataomba boksi, la pili ataomba daftari la majaribio. Mwenye saluni aliyepaka ngozini kitu ambacho boksi limekataza atakuwa na kazi ngumu ya kueleza.

Mama Piko, boksi usilitupe. Hata kama lakuumiza. Likikosekana watasema umeficha.

#16 Kijana_Kibokoni
Kumbe ndiyo maana dadangu alibabuka kabla ya harusi, tukasema ni hasidi.

#17 Mama_Piko_Bamburi
Nimeona mstari. "Matibabu". Kwa hiyo saluni yote nimekatia bima ya kuteleza tu?

#18 Broka_Mstaafu
Ya kuteleza na mambo ya jengo, ndiyo. Ripoti hivyohivyo, waache wakatae wao kwa maandishi. Usijikatalie wewe.

#19 Fundi_Taili
Turudi kwa sinki. Nyote mwasema "maji yalikuwa pale" kana kwamba yameshuka mbinguni. Nimeona makumi ya masinki ya mikahawa na shida ni ileile. Tishu ziko kwa kaunta, si kwa sinki. Mtu ananawa, hana pa kufutia, anakung'uta mikono huku akitembea kwenda kwa kaunta. Unapata njia ya matone ya hatua mbili tatu, na yenyewe iko katikati ya mapito ya wahudumu. Sogeza tishu na pipa zikae ubavuni mwa sinki, nusu ya maji imekwisha.

Nusu ya pili ni sabuni. Mji huu wengi wetu twapiga deki kwa maji ya kisima, yana chumvi, sabuni haitoi povu, kijana anaongeza sabuni. Maji matamu yaja kwa mitungi ya lita 20, kwa hivyo hakuna anayesuuza. Ndoo moja, mopu moja, asubuhi hadi jioni. Inabaki ngozi nyembamba ya sabuni juu ya taili, ikikauka huioni. Tone moja la maji likidondoka, ile ngozi inaamka na taili inakuwa kama bamia.

Kupima ni rahisi. Mwaga kijiko cha maji safi mbele ya sinki, sugua kwa kidole gumba. Ukiona weupe wa povu au kidole chateleza kama kimepakwa mafuta, hiyo ni sabuni. Suuza mara mbili kwa maji safi, ndoo ya pili, upime tena.

#20 Kadhongo
Si uweke mkeka wa mpira tu?

#21 Fundi_Taili
Weka, lakini ule wenye matundu na kingo zilizolazwa, ufike mpaka ukutani. Kipande cha zulia kilichokunjana kona kitamwangusha mtu hata sakafu ikiwa kavu. Na taili za kung'ara zile za sitini kwa sitini, nzuri za sebuleni, si za sinki. Ukinunua uliza daraja la utelezi kwenye boksi, R10 au R11. R9 ni ya mahali pakavu.

#22 Wakili_wa_Kona
Fundi amesema jambo lenye uzito wa kesi pengine bila kujua. Swali la korti huwa ni utaratibu. Iko kesi ya Uingereza ya mwaka 1976, mteja aliteleza kwenye mtindi uliomwagika ndani ya duka la Tesco. Hakuweza kuonyesha mtindi ulikaa sakafuni muda gani. Majaji wengi wakasema si kazi yake: sakafu ni ya duka, duka ndilo lieleze lilikuwa na utaratibu gani wa kusafisha na kwamba ulifuatwa. Kwetu kesi za kule hazifungi, lakini mawakili huzitaja.

Kwa hiyo Bi Mbaazi, nani hukausha pale kwa sinki, na baada ya muda gani?

#23 Bi_Mbaazi
Kijana mmoja, kila akipita na kuona maji. Hatuandiki popote.

#24 Broka_Mstaafu
Basi anzeni kuandika leo, lakini msiandike ya Februari! Nasema kwa sababu najua kishawishi. Daftari lililojazwa siku moja hujulikana: kalamu moja, mwandiko mmoja, saa zote ni kamili, tatu kamili, nne kamili, wala hakuna siku iliyorukwa hata ya sikukuu. Daftari la kweli lina madoa ya mchuzi na saa nne na dakika kumi na saba. Mpelelezi akishika la uongo, umehama kutoka kuchelewa ukaingia udanganyifu, na hapo hakuna wa kukutetea.

#25 Mwenye_Nyumba_Tudor
Niulize kama mwenye jengo. Maji yale yalitoka mikononi mwa wateja au bomba la chini ya sinki linavuja? Maana kama ni bomba, mpangaji hurukia kunishtaki mimi.

#26 Bi_Mbaazi
Bomba huvuja pia, nilimwambia mwenye nyumba Januari kwa Wasapu, akasema "nitatuma mtu". Hajatuma hadi leo.

#27 Mwenye_Nyumba_Tudor
Tazama mkataba wako wa pango kwanza. Mingi humwachia mpangaji matengenezo ya ndani.

#28 Wakili_wa_Kona
Tazama, kweli. Lakini ule ujumbe wa Januari uhifadhi, piga picha ya kioo cha simu ionyeshe tarehe. Ukishtakiwa, waweza kuomba mwenye jengo aunganishwe kwenye kesi achangie. Ubaya wake ni kwamba ujumbe huohuo waonyesha nawe ulijua bomba lavuja wiki kadhaa, na ukaendelea kupokea wateja. Ni panga la makali mawili.

#29 Kijana_Kibokoni
Bi Mbaazi na simu yako! Kila ujumbe ni ushahidi. Usitume mwengine mpaka kesi iishe, hata wa "umefika salama".

#30 Broka_Mstaafu
Kijana acha mzaha, ila ana ukweli. Mtu akianguka, ujumbe mzuri ni huu: "Pole sana mama, twakuombea upone haraka. Tumeandika tukio na tutakujulisha." Utu wote umo, ahadi hamna. Ukitaka kulipa hospitali, piga simu kwa kampuni kwanza. Baadhi ya hati zina kifungu cha gharama za huduma ya kwanza na kampuni yenyewe huruhusu. Kisha ulipe kwa maandishi kwamba ni kwa hisani, bila kukubali lawama.

#31 Mama_Piko_Bamburi
Samahani, na mteja akiharisha kwa chakula? Dadangu ana kibanda.

#32 Broka_Mstaafu
Chakula kikishauzwa huhesabiwa ni bidhaa, na hati nyingi zataka nyongeza ya chakula na vinywaji. Tazama mlemle kwenye karatasi za nyongeza. Tusitoke nje sana.

Bi Mbaazi, hujatupa tarehe za hati. Imeanza lini, inaisha lini?

#33 Bi_Mbaazi
Hii imeanza 1 Aprili, inaisha 31 Machi mwakani.

#34 Broka_Mstaafu
Subiri. Mama alianguka 12 Februari.

#35 Bi_Mbaazi
Ndiyo. Ile ya zamani iliisha 31 Machi, ejenti akanihamisha kwa kampuni nyingine, bei nafuu. Barua ya wakili nikaipeleka kwa hii mpya, kwa sababu ndiyo niliyo nayo sasa na ile nyingine imekwisha.

#36 Kadhongo
Lahaula. Basi hakuna bima. Ya zamani imekufa, na mpya haikuwa imezaliwa.

#37 Broka_Mstaafu
La, Kadhongo, sivyo. Hati nyingi za dhima kwa umma huangalia siku ya kuumia, si siku ya kudai. Kama mama alianguka hati ya zamani ikiwa hai, hati hiyo ndiyo inayojibu hata ikiwa imeisha muda. Mama ana miaka mitatu ya kushtaki kwa jambo kama hili, na aliyeumia akiwa mtoto muda wake hauanzi mpaka afike 18. Kama hati ingekufa na mwaka wake, nani angenunua? Ndiyo maana hati ya zamani haitupwi, hata baada ya kuhama.

Zipo hati chache zinazoangalia siku ya kudai. Imeandikwa mwanzoni kabisa, kwenye ukurasa wa maelezo. Tafuta.

Kwa hiyo wakuu, sote tumebishana kuhusu ujumbe na kuchelewa, kumbe labda hawa wa sasa wanahifadhi haki zao kwa sababu barua imegonga mlango wa jirani.

#38 Wakili_wa_Kona
Mzee, mimi nimesoma posti ya kwanza mara mbili na sikuuliza. Hongera.

Lakini ujumbe haujafutika. Kampuni ya zamani nayo itakuwa na vifungu vyake, huenda ni vilevile. Na kwao kuchelewa kumezidi, kwani mpaka leo hawajui chochote.

#39 Fundi_Taili
Mimi bado nasema ni tishu.

#40 Broka_Mstaafu
Lipo lingine, na ndilo lanitia wasiwasi. Bi Mbaazi, ulipohamia kampuni mpya ulijaza fomu. Palikuwa na swali, kama kumewahi kutokea ajali au tukio linaloweza kuleta madai katika miaka iliyopita. Ulijibu nini?

#41 Bi_Mbaazi
Ejenti ndiye alijaza. Nikatia sahihi tu.

#42 Broka_Mstaafu
Omba nakala. Kama imeandikwa "hapana", na wewe leo umewapelekea barua yenye tarehe 12 Februari, wewe mwenyewe umewaonyesha kwamba jibu halikuwa kweli. Waweza kusema hati yote mpya ni batili, hata kwa atakayeanguka kesho. Hapo ndipo maneno "tunahifadhi haki zetu" yananuka.

#43 Wakili_wa_Kona
Kuhusu hilo nina utetezi. Ejenti ni wa nani? Kama ni ejenti wa kampuni hiyo na alikuwa anajua habari za kuanguka, si rahisi kampuni ijifanye haikuambiwa. Kama ni broka wako, yeye ni mtu wako na kosa lake lakurudia wewe, kisha umfuate yeye.

#44 Broka_Mstaafu
Korti zimewahi kuona sahihi ya mteja kuwa ni ya mteja, ejenti ajaze asijaze. Usimpe tumaini kubwa.

#45 Wakili_wa_Kona
Wala wewe usimzike.

#46 Bi_Mbaazi
Jamani nambieni nifanye nini kesho, siku 14 zaisha Jumatatu.

#47 Broka_Mstaafu
Kesho asubuhi: barua kwa kampuni ya zamani, iandikwe namba ya hati, tarehe na saa ya tukio, mahali, jina la mteja, nani aliona. Ambatisha barua ya wakili na muamala wa M-Pesa. Ule ujumbe pia, usiufiche, watauona tu kwa upande wa pili. Peleka mkononi na nakala ya pili igongwe muhuri wa kupokewa. Barua pepe pia. Kwa kampuni mpya, wajulishe kwa maandishi kwamba tukio ni la kabla ya hati yao, na uombe nakala ya fomu. Wakili wa mama usimjibu kwa kukubali wala kukataa; mwandikie umepokea na umeikabidhi kwa wenye bima. Samansi ikija, siku za kujibu zimeandikwa juu yake. Siku hiyohiyo ipeleke, maana ukikaa nayo mama apata hukumu bila wewe kusikizwa, na kampuni itasema hukumu hiyo umeileta mwenyewe.

Kampuni ya zamani ikikataa, lalamika kwa mamlaka inayosimamia bima, IRA. Hakuna ada.

#48 Kadhongo
Na wakikubali, ni pesa ngapi? Tujue anapigania nini.

#49 Broka_Mstaafu
Tuchukue mfano, si utabiri. Tuseme korti yaweka jumla ya 400,000, maumivu pamoja na matibabu. Lawama ya mama 20 kwa mia, yabaki 320,000. Ekses ya hati, tuseme asilimia 10 ya klemu, ni 32,000, hiyo Bi Mbaazi atoa mfukoni. Kampuni yalipa 288,000. Gharama za wakili wa mama na riba ni juu ya hapo, na hati husema kama zimo ndani ya ile milioni au ni nje yake. Zile 18,500, mama akizidai tena kwenye risiti zake, onyesha M-Pesa ziondolewe. Gharama za namna hiyo hudaiwa kwa risiti, na asiyekuwa na risiti hapewi.

#50 Wakili_wa_Kona
Asilimia 20 ya lawama ni ukarimu wako mzee. Kwa bomba lililovuja tangu Januari mimi sioni hata 10.

#51 Mwenye_Nyumba_Tudor
Bomba hilo lilikuwa la mpangaji.

#52 Bi_Mbaazi
Nimepata hati ya zamani, ilikuwa ndani ya boksi la vikombe. Ukurasa wa kwanza: "ajali zilizotokea katika muda wa bima". Kifungu cha taarifa kipo, ila sioni popote neno "sharti la kutangulia". Pana sentensi ndefu mwishoni siielewi. Naipiga picha niiweke.

#53 Wakili_wa_Kona
Iweke. Ziba jina na namba kwanza.

#54 Fundi_Taili
Na tishu ushazisogeza?

#55 Bi_Mbaazi
Nimezisogeza jana. Kijana nimemnunulia ndoo ya pili, nyekundu. Tayari ameanza kupimia mchele.